Vitabu vipya na umoja wa kike: upatanisho wa vivumishi katika Kiarabu

Kivumishi cha Kiarabu hukaa nyuma ya nomino yake, kama kinavyokaa cha Kiswahili, na hulazimika kulingana nayo katika mambo manne: kujulikana au kutojulikana, irabu ya mwisho, jinsia na idadi. Kanuni hii ni nyoofu karibu kila mahali. Mahali pamoja inageuka, nako ni kwenye wingi wa vitu na wanyama. Hapo kivumishi huuacha wingi kikachukua umoja wa kike, hata kama nomino yenyewe ikiwa moja ni ya kiume. Kitabu kimoja kipya ni kitaabun jadiidun, maneno mawili ya kiume. Vitabu vipya ni kutubun jadiidatun, na hilo jadiidatun ndilo lilelile litumikalo kwa shule moja mpya au gari moja jipya. Katika mifano yote inayofuata, irabu iliyoandikwa mara mbili huvutwa, na alama ya ritifaa husimama mahali pa ain au hamza.

Mageuzi hayo hayaeleweki vizuri bila kuijua kwanza kanuni yenyewe. Nomino yenye al- hutaka kivumishi chenye al-, na isiyo nayo hutaka kisicho nayo. Al-kitaabu al-jadiidu ni kitabu kipya kinachojulikana na wanaozungumza. Kitaabun jadiidun ni kitabu kipya chochote kile. Ndiyo sababu al- husikika mara mbili katika majina ambayo Waislamu wa Afrika Mashariki wanayatamka tangu utotoni, kama al-Masjid al-Haraam, al-Madiina al-Munawwara na as-Siraat al-Mustaqiim. Mwanafunzi akiisahau al- ya pili, kosa lake halibaki katika matamshi. Al-kitaabu jadiidun si “kitabu kipya” tena bali ni sentensi kamili: kitabu hicho ni kipya. Kiarabu hakitumii neno la kuchukua nafasi ya “ni” katika sentensi ya namna hiyo, na kwa hiyo ile al- inayokuwapo au inayokosekana ndiyo inayotenga jina lililosifiwa na habari iliyotolewa.

Irabu ya mwisho hufuata kazi ya nomino katika sentensi. Nomino ikiwa mtenda huishia na u, ikiwa mtendwa huishia na a, na ikitanguliwa na kihusishi huishia na i. Kivumishi huiga irabu hiyohiyo. Katika usomaji wa kawaida wa magazeti irabu hizi huachwa, lakini katika usomaji wa Kurani na katika hotuba rasmi husikika wazi.

Jinsia nayo ni nyepesi. Nomino nyingi za kike huonekana kwa mwisho wa -a, ambao huwa -atun neno likisomwa kwa irabu zake zote: madrasatun, sayyaaratun, jaziiratun. Kivumishi huchukua mwisho huohuo, na shule mpya ikawa madrasatun jadiidatun. Yapo majina machache yanayodanganya. Shams (jua), naar (moto) na ardh (ardhi) hayana alama yoyote lakini ni ya kike, na khaliifa anayo alama lakini ni mwanamume, kwa hiyo khalifa mwadilifu ni khaliifatun 'aadilun. Majina ya aina hii hujifunzwa moja moja.

Idadi ndiyo yenye mengi, kwa sababu Kiarabu kina umoja, uwili na wingi. Uwili haumbagui mtu wala kitu: viwili vya kiume hutaka kivumishi cha uwili wa kiume, viwili vya kike hutaka cha uwili wa kike. Vitabu viwili vipya ni kitaabaani jadiidaani. Cheo cha wafalme wa Saudi Arabia, ambacho Mfalme Fahd alianza kukitumia mwaka 1986, ni mfano mzuri: Khaadim al-Haramayn ash-Shariifayn, yaani mtumishi wa misikiti miwili mitukufu. Misikiti si watu, ila kwa kuwa ni miwili kamili, sifa yake nayo imesimama katika uwili. Vilevile wingi wa watu hauna shida. Mtu mwema ni rajulun saalihun, watu wema ni rijaalun saalihuuna, na wanawake wema ni nisaa'un saalihaatun. Anayewajua waja salihina kwa Kiswahili ameshausikia mwisho huo wa wingi wa kiume.

Kizingiti kipo baada ya hapo. Nomino ya kitu au ya mnyama ikishafika wingi, yaani kuanzia vitatu, kivumishi chake huandikwa kana kwamba kinamsifu mwanamke mmoja au kitu kimoja cha kike. Nyumba ni bayt, jina la kiume: baytun kabiirun, nyumba kubwa. Nyumba nyingi ni buyuutun kabiiratun. Elimu ni 'ilm, nayo ni ya kiume. Elimu za Kiislamu ni al-'uluum al-islaamiyya, na ndivyo zinavyoandikwa kwenye vibao vya vyuo vinavyozifundisha. Kanuni haikomei kwenye kivumishi. “Hivi ni vitabu” husemwa haadhihi kutubun, kwa kionyeshi cha umoja wa kike. “Vitabu vimefika” ni al-kutubu wasalat, kwa kitenzi cha umoja wa kike. Vikitajwa tena kwa kiwakilishi, huitwa hiya, yaani “yeye” wa kike. Wingi umebaki ndani ya nomino peke yake, na kila kinachoizunguka kinauona umoja.

Mifano miwili iko karibu sana na msomaji wa Kiswahili. Wa kwanza ni jina la nchi ambako maelfu ya Waafrika Mashariki wameenda kutafuta kazi: al-Imaaraat al-'Arabiyya al-Muttahida. Imaaraat ni wingi wa imaara, na falme hizo ni saba. Vivumishi viwili vinavyofuata, “za Kiarabu” na “zilizoungana”, vyote viko katika umoja wa kike. Umoja wa Mataifa nao kwa Kiarabu ni al-Umam al-Muttahida, mataifa yaliyoungana, kwa mtindo uleule.

Mfano wa pili una uzito zaidi, kwa sababu unaonyesha jinsia ikigeuka. Asmaul Husna, majina mazuri ya Mwenyezi Mungu, ni al-asmaa'u al-husnaa. Asmaa' ni wingi wa ism, jina, na ism ni neno la kiume. Lau lingekuwa jina moja, sifa yake ingekuwa al-ahsan, lililo zuri kabisa. Husnaa ni umbo la kike la neno hilohilo la ahsan, na ni la umoja. Kwa hiyo maneno mawili yanayotamkwa kila siku kuanzia Lamu hadi Kilwa yamebeba kanuni nzima: jina la kiume limeingia katika wingi, na sifa yake imetoka katika kiume ikaingia katika umoja wa kike.

Wanasarufi wa Kiarabu hawakuigawa dunia kwa mtu na kitu. Waliigawa kwa mwenye akili, 'aaqil, na asiye na akili, ghayr 'aaqil. Upande wa kwanza wako binadamu, malaika na majini. Upande wa pili kuna mawe, miti, vitabu, siku, fikra na wanyama wote. Hapa ndipo mzungumzaji wa Kiswahili anapojikwaa kuliko pengine popote. Kiswahili kimewaweka wanyama pamoja na watu: mtu mkubwa, mbwa mkubwa, watu wakubwa, mbwa wakubwa. Kiboko ana ki- mwanzoni mwa jina lake, na bado husemwa kiboko mkubwa amepita. Kinachotazamwa na Kiswahili ni uhai, na kinachotazamwa na Kiarabu ni akili. Kwa hiyo mwanafunzi aliyekwisha kukubali kwamba vitabu vipya ni kutubun jadiidatun huja akaandika kilaabun kibaarun kwa mbwa wakubwa, akiwapa mbwa kivumishi cha wingi wanachopewa watu. Kiarabu sanifu cha leo kinataka kilaabun kabiiratun. Kosa hili hutambulikana kwa urahisi: ukiona katika daftari kwamba vitu vimepatanishwa sawasawa na wanyama wamekosewa, mwandishi anafikiri kwa ngeli ya a-wa.

Kuna sababu nyingine, iliyojificha zaidi, inayomfanya Mswahili asiwe makini na vivumishi vya Kiarabu. Kiswahili kimechukua vivumishi vingi kutoka lugha hiyo, kama safi, rahisi, ghali, laini, dhaifu, na vyote vimesimama bila kubadilika. Kitabu rahisi, vitabu rahisi, kazi rahisi, watu dhaifu. Maneno haya yalipovuka bahari yaliacha upatanisho wake nyuma na hayakuvaa ule wa Kibantu. Nyumbani kwake neno hilohilo halitulii. Rahisi ni rakhiis, lenye maana ya bei ndogo, na bidhaa za bei ndogo ni badhaa'i'u rakhiisatun, kwa kuwa bidhaa zikiwa nyingi ni wingi usio na akili.

Mpaka huo wa akili si wa kimaumbile tu, bali hufuata pia jinsi viumbe wanavyosimuliwa. Katika Surat Yusuf, aya ya 4, Yusuf anamweleza babake ndoto yake ya nyota kumi na moja, jua na mwezi. Neno linaloeleza kusujudu kwao ni saajidiin, lenye mwisho wa wingi wa kiume ambao kwa kawaida ni wa watu. Wafasiri walieleza jambo hilo kwa njia iliyo wazi: kusujudu ni tendo la mwenye akili, na nyota zilizotenda tendo hilo zimepewa sarufi ya wenye akili. Sungusungu wa Surat an-Naml, aya ya 18, nao wanapoonywa na mwenzao waingie makwao, kitenzi cha amri kiko katika wingi wa kiume. Waliosemeshana wakaelewana wamehesabiwa kuwa na akili. Watunzi wa hadithi za wanyama kwa Kiarabu wanaitumia njia hiyohiyo.

Swali linalobaki ni kwa nini umoja, na kwa nini wa kike. Jibu la wanasarufi wa kale ni kwamba ndani ya wingi huo limefichwa neno jamaa'a, kundi, ambalo ni la kike na ni la umoja. Anayesema kutubun jadiidatun anasifu kundi la vitabu. Kiswahili kinaweza kuonyesha jambo hilo bila taabu. Ng'ombe wamepita, lakini kundi la ng'ombe limepita: neno “kundi” likitajwa, ng'ombe hupoteza nguvu zao zote za kisarufi, hata wawe mia. Kiarabu kinafanya hivyo bila kulitaja kundi lenyewe.

Maelezo hayo yasingetosha kama yangekuwa yamebuniwa kwa ajili ya vitabu na mbwa tu. Nguvu yake ni kwamba yanaeleza pia mambo yanayowahusu watu. Wingi wa Kiarabu ni wa aina mbili. Upo wingi salama, ambao huliacha neno kama lilivyo na kuliongezea mwisho: muslim, muslimuun. Upo pia wingi uliovunjika, ambao hulibomoa umbo la ndani la neno na kulijenga upya: kitaab huwa kutub, rajul huwa rijaal. Katika wingi salama wa kiume, mtu mmoja mmoja bado anaonekana ndani ya neno, na kitenzi kinachotangulia hakiruhusiwi, kwa kauli ya wanasarufi wa Basra, kuchukua alama ya kike. Katika wingi uliovunjika, umbo la mmoja limepotea, na lililopatikana ni neno jipya linaloelekea kuwa jina la kundi. Hapo hata watu wanaweza kutanguliwa na kitenzi cha kike. Katika Surat al-Hujurat, aya ya 14, mabedui ndio wanaosema, na kitenzi cha kusema kina ile t ya kike. Katika Surat Yusuf, aya ya 30, wanaosema ni wanawake wa mjini, na kitenzi chao ni cha kiume. Kilichokuwa kinaangaliwa hapo hakikuwa jinsia ya wanaosema hata kidogo. Mabedui wametazamwa kama kundi, na kundi ni la kike.

Hili linasaidia kuondoa dhana ambayo huwajia wengi, kwamba Kiarabu kimeweka vitu pamoja na wanawake kwa dharau. Ile t ya mwisho ina kazi zaidi ya moja, na mojawapo ni kuwageuza watu wengi kuwa kundi moja. Mfuasi mmoja wa madhehebu ya Imamu Shafi, yaliyoenea pwani yote ya Afrika Mashariki, ni shaafi'ii. Wafuasi hao wakitajwa kwa jumla katika vitabu vya fikihi huitwa ash-Shaafi'iyya. Wanatheolojia wa Basra na Baghdad waliojitenga wanaitwa al-Mu'tazila, na mmoja wao ni mu'tazilii. Hakuna mwanamke anayekusudiwa katika majina hayo. Alama ni ileile ya kike, na kazi yake hapo ni kukusanya. Kivumishi jadiidatun nyuma ya kutubun kinafanya kazi iliyo jirani na hiyo.

Kama msingi ni namna ya kutazama, basi ingetarajiwa kwamba msemaji aliweza pia kuchagua kuvitazama vitu kimoja kimoja. Ndivyo ilivyokuwa zamani, na ushahidi wake ni mwingi. Katika Kurani neno ayyaam, siku, limesifiwa kwa neno la maana ya “zenye kuhesabika” kwa njia mbili. Katika Surat al-Baqara, aya ya 80, sifa hiyo ni ma'duuda, umoja wa kike. Katika Surat Aal Imran, aya ya 24, ambamo madai yaleyale ya watu walewale yanasimuliwa, sifa ni ma'duudaat, wingi wa kike. Nomino ni moja, maana ni moja, na sarufi zote mbili ni fasaha.

Wanasarufi walitafuta tofauti kati ya njia hizo mbili, na waliyoipata ni ya idadi. Al-Farraa', mwanasarufi wa Kufa aliyefariki mwaka 822, alieleza kwamba Waarabu walipendelea kutumia wingi kwa vitu kuanzia vitatu hadi kumi, na umoja wa kike kwa vinavyozidi hapo. Vichache bado vinaonekana kimoja kimoja, na vingi vimeshakuwa kundi. Mfano wake unaojulikana zaidi uko katika Surat at-Tawba, aya ya 36, inayoeleza kwamba miezi ni kumi na miwili na kwamba minne kati yake ni mitukufu: Mfungo Pili, Mfungo Tatu, Mfungo Nne na Rajabu. Miezi kumi na miwili inaporejelewa, kiwakilishi ni -haa, cha umoja wa kike. Linapokuja katazo la kujidhulumu katika ile minne, kama wafasiri wengi walivyoielewa aya hiyo, kiwakilishi ni -hinna, cha wingi wa kike. Aya ni moja, mwezi ni neno lilelile, na kipimo kimebadilika kwa sababu idadi imebadilika. Hata sifa ya miezi hiyo minne katika sura hiyohiyo, al-ashhur al-hurum, imetumia hurum, ambalo ni wingi wa haraam. Mwanafunzi aliyekariri kwamba wingi usio na akili hautaki kamwe kivumishi cha wingi atadhani hapo pana kosa, ilhali ni desturi ya kale zaidi kuliko ile aliyoikariri.

Kadiri Kiarabu kilivyotoka jangwani na kuandikwa katika miji ya Iraki, uchaguzi huo ulipungua. Katika nathari ya enzi za Abbasi umoja wa kike umekuwa mwendo wa kawaida, na katika magazeti na vitabu vya shule vya leo ndio kanuni inayosahihishwa kwa kalamu nyekundu. Maelezo mojawapo yanayokubalika ni kwamba lugha ilipata wasemaji wengi wapya waliojifunza ukubwani, na ilipofundishwa kwa maandishi ilihitaji njia moja badala ya mbili zinazotegemea sikio. Kiarabu cha mitaani hakikuifuata njia hiyo kikamilifu. Katika lahaja nyingi, za Ghuba na za Misri zikiwamo, vitu huweza kupewa kivumishi cha wingi, hasa msemaji anapovifikiria kimoja kimoja, na buyuut kbaar kwa nyumba kubwa si jambo la kushangaza. Aliyejifunza chuoni Zanzibar au Mombasa akaenda kufanya kazi Dubai atasikia wenyeji wakisema kinyume cha kitabu chake, na hawatakuwa wamekosea lugha yao. Kwenye barua rasmi, hata hivyo, watu haohao wataandika buyuut kabiira.

Namna kanuni inavyofanya kazi, pamoja na mahali inapokwama, huonekana vizuri sentensi moja ikitafsiriwa hatua kwa hatua. Ichukuliwe hii: “Mbwa wakubwa wako mbele ya milango mipya ya shule.” Mbwa mmoja ni kalb, wa kiume. Wengi ni kilaab, nao hawana akili kwa hesabu ya wanasarufi, kwa hiyo “wakubwa” inakuwa kabiira. Wanajulikana, basi al- inaingia pande zote mbili. Wao ndio wanaotolewa habari, hivyo irabu ni u: al-kilaabu al-kabiiratu. “Mbele ya” ni amaama, ambalo huifanya nomino inayofuata iishie na i. Mlango ni baab, wa kiume. Milango ni abwaab. “Milango ya shule” huunganishwa kwa kuyaweka maneno mawili bega kwa bega, la kwanza likiachana na al-: abwaabi al-madrasati. Kivumishi hakiruhusiwi kuingia katikati ya muungano huo, kwa hiyo “mipya” inasubiri mwisho. Milango ni wingi usio na akili, basi “mipya” ni al-jadiidati. Sentensi imekamilika: al-kilaabu al-kabiiratu amaama abwaabi al-madrasati al-jadiidati.

Kila hatua ilikuwa sahihi, na bado msomaji wa Kiarabu ataielewa sentensi hiyo kwa maana mbili: milango mipya ya shule, au milango ya shule mpya. Madrasa ni neno la kike la umoja, na abwaab linasifiwa kwa umoja wa kike. Majina yote mawili yanaishia na i, na yote yanajulikana. Kivumishi kinalingana na kila moja kwa mambo yote manne, na hakuna alama iliyobaki ya kuonyesha ni la nani. Lau mlango ungekuwa mmoja, utata usingekuwapo, maana baabi al-madrasati al-jadiidi ingeonyesha kwa kivumishi chake cha kiume kwamba kilicho kipya ni mlango. Kwa Kiswahili tofauti iko wazi, kwa sababu mipya ya milango haichanganyiki na mpya ya shule na kivumishi kinaweza kukaa palepale penye nomino yake. Umoja wa kike wa Kiarabu umeyakusanya mengi katika umbo moja, na gharama yake ni hiyo.

Waandishi makini wa Kiarabu hukwepa utata huo kwa kuvunja muungano. Huandika amaama al-abwaabi al-jadiidati li-l-madrasati, wakikiweka kivumishi karibu na milango na kuiunganisha shule kwa li-, “ya”. Wengine huiacha sentensi kama ilivyo pale mazingira yanapotosha kueleza. Mfasiri anayetoa Kiarabu kwenda Kiswahili hana uhuru huo wa kuiacha. Kiswahili kitamlazimisha achague kati ya mipya na mpya, na kila anapokutana na majina mawili yaliyoungana yakifuatwa na kivumishi cha umoja wa kike, hana budi kurudi nyuma akatafuta katika habari nzima ni kipi hasa kilichosifiwa.